Mwenzangu wa ofisini amenichunia wiki ya tatu sasa na vijembe haviishi: nijibu vipi bila kuchochea ugomvi?

BintiSakina (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafanya kazi katika kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa kupokea maombi ya wageni na kuwawekea vyumba. Mwenzangu ninayemzungumzia yuko oparesheni, yaani ndiye anayepanga magari, madereva, vibali vya hifadhi na maboksi ya chakula cha mchana. Meza zetu zinatazamana, na kati yetu kuna printa tu. Yeye ana umri wa miaka arobaini na kitu, mimi nina 29, na tangu niajiriwe nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi naye akiitikia vizuri.

Tatizo lilianza kwenye kikao cha Jumatatu, wiki tatu zilizopita. Bosi aliuliza kwa nini wageni wawili walikaa KIA saa moja na nusu bila kupokelewa, nami nikajibu kwamba taarifa ya kubadilika kwa ndege niliituma oparesheni tangu Ijumaa. Nilisema kweli, na barua pepe ipo. Tangu siku hiyo dada huyu hanisemeshi. Shikamoo yangu haiitikiwi. Akiwa na ujumbe wangu humtuma kijana wa mapokezi, "mwambie mwenzako vocha za Karatu hazijafika," ilhali mimi niko pale pale namsikia. Akija na mandazi huzungusha kopo ofisi nzima ya watu tisa, likifika kwangu linaruka.

Vijembe navyo ni vya kila siku. "Wengine hapa ni watu wa barua pepe, sisi wengine ni watu wa kazi." Juzi aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kwamba anawashukuru wote wanaofanya kazi bila kutafuta sifa kwa bosi, na watu wanne wakaweka dole gumba. Ninarudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko nilivyokuwa nikichoka msimu mzima wa mwaka jana. Sitaki ugomvi, na kazi yangu naipenda. Nifanye nini?

KijanaNgarenaro

Dada, dawa ya kuchuniwa ni kuchuna. Usimsalimu, usimwangalie, na ukiwa na ujumbe wake mtume huyo huyo kijana wa mapokezi. Akiona hana anayemsumbua atachoka mwenyewe. Na kijembe cha kwenye kundi kijibu kwa kijembe, kwa sababu ukinyamaza watu watadhani ni kweli.

Pangani2

Kijana, mimi nimezaliwa Pangani na nimekulia kwenye mafumbo. Nikuambie kitu kimoja ambacho watu wa bara mara nyingi hamkioni: kijembe hakitupwi ili kijibiwe, kinatupwa ili mlengwa ajitokeze mwenyewe. Bibi yangu angeweza kujifunga kanga yenye maneno ya kumchoma jirani na kupita nayo mlangoni mara tatu, na jirani angeuliza "hii ni yangu?" basi bibi alikuwa ameshashinda, maana jibu lilikuwa tayari: "Kwani nimekutaja?" Ukijibu fumbo kwa fumbo umekubali kwamba fumbo ni lako, halafu umempa hadhira mchezo wa kutazama. Ofisi ya watu tisa ni hadhira tosha.

Ninachoweza kumshauri BintiSakina kwa upande huu ni kuyachukua maneno kwa maana yake ya juu tu. Akisema wengine ni watu wa barua pepe, muulize kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, kuna barua pepe yangu ambayo haijakufikia?" Kama ipo, ataitaja na mtakuwa mmerudi kwenye kazi. Kama haipo, fumbo limekufa bila mtu kuumia. Lakini sauti ndiyo kila kitu. Swali hilo hilo ukiliuliza huku umebinua mdomo, nalo ni kijembe. Kwa hiyo kama siku hiyo una hasira, nyamaza, uliza siku nyingine.

Hilo la kwenye kundi usiliguse. Hakuna sentensi unayoweza kuiandika pale ikakusaidia.

MamaKiboriloni

Pole mwanangu. Mimi ni mwalimu hapa Moshi, na yalinikuta katika chumba cha walimu, mwaka mzima. Mwenzangu tuliyefundisha naye darasa moja alinichunia kwa sababu ya ratiba, akawa anafuta ubao nikiingia, hata kama kipindi chake kilikuwa kimeisha dakika kumi zilizopita. Niliomba uhamisho nikapewa. Nakushauri uombe uhamishiwe tawi jingine kabla hujapata vidonda vya tumbo kama mimi. Kampuni za utalii zina matawi mpaka Zanzibar.

BintiSakina

Pole sana, mama. Kampuni yetu haina tawi jingine, ina ofisi moja na karakana ya magari. Halafu sitaki kuondoka, nataka kujua namna ya kukaa.

WakiliMtarajiwa

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi akijiuzulu kwa sababu mazingira ya kazi hayavumiliki, inahesabika ameachishwa kazi. Kusanya picha za ujumbe wa kwenye kundi, jiuzulu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Utalipwa.

MzeeRau

Nimekuwa afisa utumishi kwa miaka 27, kwanza kiwandani hapa Moshi, kisha katika hoteli. Naomba niseme kidogo kuhusu sheria, halafu tuiache, kwa sababu siyo inayotakiwa hapa.

Kijana wetu amesoma kifungu sahihi na kuacha neno moja ndani yake. Kinachotajwa ni mwajiri kuyafanya mazingira yasivumilike. Mfanyakazi mwenzako kukununia si mwajiri kukufukuza. Ingebidi kwanza mwajiri awe amejulishwa kwa njia zilizopo hapo kazini, akapewa nafasi ya kushughulikia, akapuuza, na hata hapo si kazi nyepesi kuithibitisha. Na anayepeleka shauri la namna hiyo Tume ana siku 30 tu tangu ajira ilipokoma. Nimeona watu wakijiuzulu kwa ushauri wa kijiweni na kubaki mikono mitupu. Binti, usijiuzulu kwa sababu ya mandazi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na ninaona umechanganya vimya viwili ambavyo kila kimoja kina dawa yake. Cha kwanza ni kimya cha heshima: shikamoo isiyoitikiwa, kopo linaloruka meza. Hicho kinauma, lakini hakimdhuru mgeni wala mshahara wako. Cha pili ni kimya cha kazi, pale ambapo unahitaji jibu ili gari litoke au chakula kifungwe, na jibu haliji. Nakuomba utupe mfano mmoja wa hicho cha pili, kama upo. Usitueleze tabia yake kwa jumla. Tueleze siku moja, ulichoandika, na kilichotokea.

BintiSakina

Shikamoo mzee. Mfano upo, na kwa kweli ndio ulionisukuma kuandika hapa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na wageni sita wanaoingia Tarangire asubuhi ya Ijumaa kwa magari mawili. Mmoja wao, wa gari la pili, hali karanga kabisa, na fomu yake inasema akigusa hata kidogo anaweza kushindwa kupumua. Maboksi ya chakula hupangwa na oparesheni, jikoni hutumia siagi ya karanga kwenye baadhi ya mikate. Saa tano asubuhi nilimwandikia: "Dada, naomba usisahau mgeni wa gari la pili hali karanga. Ni muhimu sana." Hakujibu. Saa nane nikamwandikia tena: "Naomba unijibu tafadhali, hili si la mimi na wewe." Hakujibu. Saa kumi na nusu nikamwandikia mara ya tatu, na bosi nikamweka kwenye nakala. Dakika mbili baadaye akajibu, akiwa amemweka bosi: "Jikoni walijulishwa tangu asubuhi. Oparesheni haihitaji kukumbushwa kazi yake."

Kumbe alikuwa amefanya. Na kesho yake vijembe vikawa mara mbili.

MzeeRau

Marahaba binti. Ahsante, sasa tuna kitu cha kushika mkononi.

Ujumbe wako wa kwanza haukuuliza swali. Ulisema "usisahau", na mtu ambaye kosa lake la kusahau lilitajwa mbele ya bosi wiki mbili kabla hawezi kulisoma neno hilo kama ukumbusho. Kwake ni kikao kile kile kinarudiwa. Ujumbe wa pili uliingiza ugomvi wenu ndani ya barua ya kazi, na hapo alipata sababu ya kutojibu, maana kujibu kungekuwa kukubali kwamba kuna "mimi na wewe". Wa tatu ulikuwa rungu. Kumweka bosi kwenye nakala katikati ya mazungumzo, bila kumwambia mhusika, ni sawa na kumwita mzazi uwanjani. Sisemi kwamba hupaswi kamwe kumweka bosi. Kama kawaida ya ofisi yenu ni kwamba taarifa zote za afya za wageni humfikia na bosi, basi awemo tangu barua ya kwanza, kwa kila safari, hata zile ambazo hazimhusu dada huyu. Hapo hakuna anayejisikia kushtakiwa.

Mimi ningeuandika hivi: "Dada, safari ya Ijumaa ya Tarangire, gari la pili: mgeni mmoja hapaswi kula karanga kabisa, fomu yake nimeambatanisha. Je, jikoni wameshapata taarifa? Nisipoona jibu hadi saa tisa nitawapigia mwenyewe nithibitishe, kisha nitakuandikia walivyosema." Kisha saa tisa ikifika piga jikoni, bila kinyongo, na umwandikie mstari mmoja: "Nimezungumza na jikoni, wanayo. Ahsante."

Angalia hicho kinachofuata baada ya "nisipoona jibu". Watu wengi hapo huweka tishio: nisipoona jibu nitamjulisha meneja. Hicho ni kitendo dhidi ya mtu. Weka kitendo cha kazi, kitu ambacho ungekifanya hata kama angekuwa amelazwa hospitali. Kwa njia hiyo kimya chake hakimzuii mgeni kula salama, na kinakoma kuwa silaha. Wewe nawe saa tano hadi saa kumi na nusu huzihesabu dakika, kwa sababu unajua utafanya nini saa tisa.

Kimya cha heshima tutakizungumzia baadaye, hakina haraka. Ila shikamoo usiiache. Mwamkie kila siku, mara moja, usisubiri jibu, kaa, fanya kazi. Ukiacha kumsalimia umempa hoja ambayo hana: "hata salamu siku hizi hanipi."

KijanaNgarenaro

Mzee, kwa heshima zote, hiyo ni kumfundisha binti kunyenyekea. Yeye ndiye aliyekosewa. Ndege ilibadilika, akatuma taarifa, mtu hakusoma. Kosa lake liko wapi?

DerevaWaLango

Naomba nijibu hilo kwa upande wa magari, kwa kuwa mimi ni dereva muongozaji kwa miaka kumi na minne, ingawa si katika kampuni hiyo. Mtu wa oparesheni msimu ukianza hupokea simu kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Dereva amepasukiwa tairi Makuyuni, mwingine yuko langoni Ngorongoro na malipo hayaonekani kwenye mfumo, mgeni ameacha miwani lojini. Mambo haya yakienda vizuri hakuna anayemtaja kwenye kikao. Lisipoenda vizuri moja, jina lake ndilo la kwanza. Ijumaa jioni barua pepe inaweza kuingia akiwa barabarani na simu mbili sikioni. Nijuavyo, badiliko la ndege la ndani ya saa 72 halitumwi kwa barua pepe peke yake, unapiga simu pia. Kwa hiyo binti alisema kweli kwenye kikao, ila ilikuwa nusu yake.

Sisemi kwamba ana haki ya kumruka na mandazi. Nasema tu kwamba najua kwa nini aliumia.

BintiSakina

Sikupiga simu. Nilituma saa kumi na moja na robo nikatoka. Nimelisoma neno lako, kaka, na nimekaa nalo.

Pangani2

Kuna jambo nililisoma zamani chuoni ambalo linaingia hapa. Jina la kitaalamu la tabia hii ya kupinga bila kupinga lilitokea katika jeshi la Marekani, mwaka 1945, katika waraka wa daktari wa akili William Menninger. Aliwaeleza askari ambao hawakukataa amri waziwazi, bali walinuna, walichelewesha, walifanya kazi nusunusu. Jeshini askari hawezi kumwambia ofisa "sitaki". Hasira isiyo na mlango wa mbele ilitafuta dirisha.

Ndipo najiuliza, dada wa oparesheni angeyasemea wapi yake? Kikao kilikwisha. Bosi ameshasikia. Akisema "nilionewa" ataonekana anakwepa kosa. Akimkaripia binti wa miaka 29, ataonekana anamwonea mdogo. Kilichobaki ni mandazi.

MamaKiboriloni

Kwa Wachaga mtu akimkosea mkubwa wake huchukua jani la sale, akaongozana na mtu mzima, akaenda kuomba radhi, na aliyeombwa kwa sale kukataa ni vigumu sana. Mwanangu, huna mtu mzima hapo ofisini wa kukupeleka? Mhasibu, mlinzi, yeyote anayeheshimiwa? Mambo haya hayamalizwi na wawili peke yao.

MzeeRau

Mama, mimi ni Mchaga wa Rau na sale naiheshimu, na ndiyo maana nasita kuipeleka ofisini. Nguvu yake ni hiyo uliyoitaja, kwamba aliyeombwa hawezi kukataa. Kazini, mtu akilazimishwa kusamehe mbele ya mhasibu, atasema amesamehe na kinyongo kitaingia ndani zaidi. Halafu mtu wa tatu akishajua, ofisi ya watu tisa itajua kabla ya chai ya saa nne.

Mimi ningemtuma azungumze naye wawili tu, na kabla ya kuleta mtu wa tatu. Binti, chagua siku ambayo hakuna wageni wanaoingia jioni. Usimwite, kwa maana kuitwa na mdogo ni kosa jingine. Mfuate mahali ambapo angekuwa hata hivyo, na ambapo anaweza kuondoka akitaka: kwenye ngazi, kwenye maegesho, akisubiri bodaboda. Usiuzibe mlango. Omba dakika mbili, na ziwe mbili kweli.

Sentensi ya kwanza iwe yako wewe, si yake. Usianze na "umekuwa hunisemeshi", kwa kuwa atasema "nani, mimi?" na hapo mazungumzo yamekwisha. Anza na kikao. "Dada, siku ile kwenye kikao nilisema nilituma barua pepe, sikusema kwamba sikupiga simu. Nilikutaja mbele ya watu kabla sijakuuliza. Nilikosea hapo, nisamehe." Kisha simama. Usiongeze "lakini na wewe". Usimtaje kijana wa mapokezi wala kundi la WhatsApp. Ombi liwe moja tu, na liwe la kazi: "Naomba mambo ya wageni tuambizane wenyewe."

Jiandae kwa jibu moja kuliko mengine yote: "Mimi sina neno na mtu." Nimelisikia mara nyingi katika miaka 27. Usimbishie. Ukisema "najua unalo" umemwita mwongo. Sema "Ahsante dada, ukiwa nalo wakati wowote nipo," na uondoke wewe kwanza.

WakiliMtarajiwa

Na kama hakuna badiliko? Atazungumza kwenye ngazi mpaka lini?

MzeeRau

Swali zuri. Kipimo si kama amecheka au ameitikia shikamoo. Hivyo huja mwisho au haviji kabisa. Pima kimya cha kazi: kati ya maswali kumi ya kazi uliyoandika kwa namna ile, mangapi yamejibiwa kabla ya saa uliyotaja? Kama wiki ya kwanza ni mawili na ya tatu ni sita, mambo yanatembea, hata kama uso bado umekunjwa. Kama baada ya wiki nne hakuna kilichosogea na kazi inakwama, hapo nenda kwa msimamizi, na usipeleke hisia. Peleka safari tatu, tarehe, ulichouliza, kilichochelewa, na pendekezo la utaratibu: kwa mfano orodha moja ya safari ambayo kila idara huweka alama ya kuthibitisha. Msimamizi anaweza kuamuru orodha. Hawezi kuamuru mtu akupende.

Na kuna hali ambazo haya yote niliyoyasema hayafai. Kama kununiwa kulianza baada ya kumkatalia mtu mapenzi, kama maneno yanagusa kabila, dini au maumbile yako, au kama mtu anaficha taarifa kwa makusudi ili mgeni aumie uonekane wewe, usiende kwenye ngazi. Hilo unaliandika na kulipeleka juu siku hiyo hiyo.

KijanaNgarenaro

Bado nasema anaomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Ila ile ya "saa tisa nitapiga mwenyewe" nimeichukua. Nina fundi mmoja wa stoo hapa kwetu itamfaa.

BintiSakina

Narudi baada ya siku kumi na moja, kama nilivyoahidi kwa baadhi yenu.

Nilimpata Jumanne jioni kwenye maegesho, mvua ndogo ilikuwa inaanza na bodaboda wake alikuwa amechelewa. Niliyasema kama mzee alivyoyaandika, nikasahau lile ombi la mwisho kwa sababu ya woga. Alinitazama viatu. Akasema, "Mimi sina neno na mtu." Nilitaka kucheka, maana mzee aliyatabiri maneno yale yale. Nikasema ahsante, nikaenda zangu nikilowa.

Jumatano hakuna kitu. Shikamoo yangu ilipita hewani. Mandazi yaliruka. Alhamisi nilimwandikia kuhusu wageni wa Lushoto na saa niliyotaja ilikuwa saa nane. Saa nane kasoro dakika tano likaja neno moja: "Tayari." Ijumaa maswali matatu, akajibu mawili. La tatu nilipiga mwenyewe nikamwandikia. Katika siku zote hizo kijana wa mapokezi alitumwa kwangu mara moja tu.

Kijembe kimoja kilikuwepo, Jumatatu kwenye chai. Alisema siku hizi watu wanaombana msamaha gizani na kuchafuana mchana. Nilitaka kuuliza lile swali la Pangani2, nikaona mkono unatetemeka, nikanyamaza nikaenda kuosha kikombe.

Pangani2

Ulifanya vyema kunyamaza. Ila hilo si kijembe tu, binti. Hilo ni ombi. Amekuambia kilichobaki.

DerevaWaLango

Na mimi nimelisikia hivyo. Alichafuliwa kwenye kikao, mbele ya watu tisa. Maegesho yalikuwa na watu wawili.

MzeeRau

Nakubali, na nakiri nililipuuza hilo. Lakini usikimbilie kusimama kikaoni. Ukiomba radhi hadharani bila kumuuliza, unaweza kumrudisha kwenye aibu ile ile, na bosi akaanza tena kuuliza habari za KIA. Muulize kwanza, kwa faragha, kwa sentensi moja: angependa useme kwenye kikao kwamba hukupiga simu?

MamaKiboriloni

Mimi ningesema tu bila kuuliza. Ukweli hauombewi ruhusa.

MzeeRau

Mama, tutatofautiana hapo.

BintiSakina

Nimemuuliza leo, tukiwa wawili kwenye printa. Alikaa kimya mpaka karatasi zote zikatoka. Akasema, "Acha. Ulinifanya mtoto mbele ya watoto, sitaki wakumbushwe." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia kwa mwezi mzima. Nikasema sawa dada.

Alizichukua karatasi zake, akahesabu, akarudi nusu hatua. "Wale wa kesho, yule wa karanga ni gari la ngapi?"

Nikamwambia la kwanza.